Sentensi Iliyokatwa Mkia

Hasira hii sijaimaliza, na sina haraka ya kuimaliza. Kila nikienda Wamaza na kulikuta lile bango ukutani mwa kituo cha afya, inarudi mpya kabisa. Watu huniambia, mwalimu, yameshapita, yaache. Yamepita kwa nani? Bango liko palepale.

Mimi nafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Kasongo. Mtu akiwa na karatasi ya Kifaransa anayotaka isemwe kwa Kiswahili, huniletea njaa yake ya kuelewa: hati ya shamba, maelezo ya dawa, hukumu ya mahakama. Kwa hiyo watafiti waliokuwa wamepima wanawake upande wa Kabambare walipomaliza kazi yao, karatasi ikaja kwangu. Haikuja yote. Ulikuja muhtasari tu, ile aya moja inayowekwa juu ya utafiti ili wasomi wajue ndani kuna nini, na ndani ya muhtasari ilipigwa mstari sentensi moja. Hiyo ndiyo ilitakiwa isomwe redioni, ichapishwe kwenye bango, kisha isemwe mbele ya wanawake wenyewe huko Wamaza. Kwetu kazi hiyo ya kuwarudishia watu majibu yao tunaiita restitisyo, na mimi huiona ni kazi ya heshima. Umechukua mkojo wa mtu, mrudishie neno.

Walichopima ni zebaki. Wachimbaji wa dhahabu wa huko huiita merkiri. Unaichanganya na mchanga wa dhahabu, inashikamana nayo, unapata donge jeupe kama fedha. Ukilipasha moto, zebaki inaruka na dhahabu inabaki. Mvuke unaoruka hauna rangi wala harufu, na ndiyo ubaya wake, maana watu hukimbia moshi wa kuni unaowachoma macho wakabaki wamekaa katika mvuke wasiouona. Kuchoma hufanyika jikoni, juu ya mbabula, jiko lilelile la makaa la kupikia fufu, mlango ukiwa umefungwa. Nje kuna macho: jirani, askari, mnunuzi anayetaka kujua leo umepata kiasi gani. Mwanamume huleta donge, mwanamke huchoma. Hivyo ndivyo ilivyo.

Na mwanamke mmojawapo ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Aliolewa Wamaza na mchimbaji aliyetoka Kivu akifuata dhahabu, akakaa na mama mkwe nyumba moja. Mwaka uliotangulia mimba yake ya kwanza ilitoka. Mama mkwe hakulia muda mrefu. Alisema bibi huyu, mke wa mwanawe, ameiunguza mimba kwa moto wake wa dhahabu, na tangu siku hiyo hakumwita tena mwanangu. Mdogo wangu aliendelea kuchoma, kwa kuwa mume alileta madonge na mtu mwingine wa kuchoma hakuwapo. Alilaumiwa kwa moto, na moto uleule akaamriwa auwashe. Sasa alikuwa na mimba ya pili.

Kwa hiyo nilipoisoma ile sentensi, sikuisoma kama mwalimu.

Kwa Kiswahili kizito, neno kwa neno, ilisema hivi: hakuna uhusiano wenye umuhimu wa kitakwimu uliobainishwa kati ya kuishi katika kaya inayochoma dhahabu na uzito pungufu wa kuzaliwa, ingawa ukubwa wa sampuli haukuwa na uwezo wa kutosha kuondoa uwezekano wa athari. Mbele yake palikuwa na nyingine fupi: wanawake wa kaya hizo walikuwa na zebaki zaidi katika mkojo kuliko wa kaya zisizochoma.

Soma tena. Mimi niliisoma mpaka uji ukaungua jikoni. Kila neno pale lina kazi, na ukiligusa moja vibaya nyumba nzima inalala upande. Ukiandika "hakuna uhusiano muhimu," mama wa Wamaza atasikia kwamba jambo si kubwa, lisimsumbue. Sivyo. Nilimpigia simu daktari aliyeongoza utafiti, mtu wa chuo kikuu, mpole, asiyechoka kuulizwa. Akanieleza kwamba watoto wadogo kwa uzito walionekana wengi kidogo zaidi katika nyumba zinazochoma, lakini tofauti yenyewe ilikuwa ya kiasi ambacho bahati tu ingeweza kuileta. Basi, nikamwuliza, ina maana mvuke haupunguzi uzito wa mtoto? Akasema hapana, haina maana hiyo. Ina maana kwamba kwa wanawake wachache kama wale, hata kama upo upungufu wa wastani, ungeweza kutupita bila kuuona. Upungufu mkubwa sana pengine tungeuona.

Baba yetu alikuwa mvuvi wa Nyangwe. Nikamwambia daktari: yaani mmevua kwa wavu wa matundu mapana. Samaki mkubwa angenaswa. Mdogo hakunaswa, lakini huwezi kutoka mtoni ukatangaza kwamba samaki wadogo hawamo. Akasema ndivyo, na kwamba angependa angeiandika vile.

Nikamwuliza la mwisho, lile nililokuwa nikilizungukia tangu mwanzo. Mimba zinazotoka je? Akasema hizo hawakuzihesabu. Walipima uzito wa watoto waliozaliwa hai, basi. Kuhusu mimba iliyotoka, utafiti ule hauna neno, si la ndiyo wala la hapana. Na kwamba zebaki ni sumu ya ubongo na figo, na mwenye mimba anatakiwa akae mbali nayo, hilo linajulikana toka zamani, halikungoja utafiti wao.

Niliandika, nikafuta, nikaandika. Nikaisoma kwa sauti mbele ya mama anayeuza ndizi jirani yetu, ambaye hakwenda shule. Mara ya kwanza aliponirudishia alisema, "Kumbe haina kitu." Nikafuta tena. Mara nyingine akasema, "Kumbe inaua." Nikafuta hiyo nayo. Hiyo ndiyo njia yangu: simwulizi mtu kama ameelewa, maana kila mtu atakujibu ndiyo kwa adabu. Namwambia anisimulie. Mwishowe akasimulia sawasawa, na ilikuwa hivi:

"Wanawake wa nyumba ambamo dhahabu inachomwa wamekutwa na zebaki nyingi zaidi mwilini kuliko wa nyumba nyingine. Je, watoto wao huzaliwa na uzito mdogo zaidi? Hatukuona tofauti ya wazi. Lakini tuliowapima walikuwa wachache, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tofauti haipo. Mimba zinazotoka hatukuzichunguza."

Sentensi moja imekuwa tano, najua. Lakini hakuna iliyodanganya.

Niliipeleka ofisini kwa mratibu wa mradi wa utafiti, msimamizi wa redio na bango. Huyu bwana si mgeni. Tumezaliwa mitaa miwili inayopakana hapahapa Kasongo, tumesoma shule moja ya mapadri, ana maneno matamu na viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua. Aliisoma akitabasamu. Akasema ni nzuri sana, ila ni ndefu. Bango lina nafasi ya mistari miwili. Akachukua kalamu na kuikata mbele yangu, kama mtu anavyokata mkia wa samaki ili aenee kwenye sufuria. Alipomaliza ilibaki: "Utafiti umeonyesha: moshi wa kuchoma dhahabu haudhuru mimba."

Nilimweleza. Nilieleza kwa utaratibu, Mungu ni shahidi. Nilisema kutoona si sawa na kutokuwapo. Nilisema uzito wa mtoto si mimba yote. Nilisema sehemu ya zebaki mwilini ameitupa, nayo ndiyo sehemu pekee waliyoiona kwa uhakika. Alinisikiliza huku akiangalia simu yake. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa darasani nageukia ubao ili wanafunzi wasinione uso.

"Mama mwalimu, sawa. Basi tuandike: moshi inaua watoto ndani ya tumbo. Kama hivyo wataogopa, wataacha. Wewe unataka gani?"

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, kama muuza duka anayekuuliza unataka kitenge cha bluu au cha njano. Kwake zote mbili zilikuwa sawa, mradi zienee katika mistari miwili. Moja ingemwacha mdogo wangu jikoni na mlango umefungwa. Nyingine ingempa mama mkwe karatasi ya serikali yenye muhuri ikisema bibi huyu ni muuaji. Na huyu mtu ananiuliza nataka gani.

Nikamwambia nataka ya kweli. Akacheka kwa upole, akasema watu wa Kabambare hawawezi mambo marefu, wao wanataka ndiyo au hapana.

Hapo ndipo nilipopaza sauti, mpaka mlinzi akachungulia. Watu wa Kabambare! Watu wanaokaa siku nzima kujadili mahari, ambapo kila mbuzi ana sharti lake na kila sharti lina "isipokuwa" yake, na miaka kumi baadaye shangazi mmoja anakukumbusha lile "isipokuwa" bila kukosea. Watu hao hawawezi kushika "lakini" moja? Nilimwambia kwamba asiyeweza mambo marefu ni yeye. Akaniambia nitulie, angefikiria. Nikaondoka nikiamini, mjinga mimi, kwamba kufikiria ni kufikiria.

Wiki iliyofuata nilikuwa nasuka nywele kwa jirani, redio ikiwa wazi. Mtangazaji akaisoma, kwa sauti ya furaha kama ya tangazo la sabuni: utafiti umeonyesha, moshi wa kuchoma dhahabu haudhuru mimba. Niliinuka na nusu ya kichwa haijasukwa. Nilimpigia mratibu, hakupokea. Nilimpigia daktari, akapokea. Alisema ataandika barua, ataomba irekebishwe. Aliandika kweli. Barua za watu wapole husomwa polepole.

Restitisyo ya Wamaza ilikuwa imeshapangwa na mimi ndiye mkalimani. Nilipanda pikipiki, nikafika mchana na tope mpaka magotini. Nilikwenda kwanza kwa mdogo wangu. Nilimkuta amekaa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo, tumbo limeanza kuonekana, na uso ambao sikuuona kwake tangu mimba ya kwanza. Alikuwa anacheka. Akaniambia redio imesema, na mama mkwe naye amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Jana yake mama mkwe alikuwa amemwita mwanangu. Aliposema hivyo akainamia sombe yake.

Nyuma yake jikoni mbabula ulikuwa bado na majivu ya moto. Kando yake kulikuwa na kifuniko cha kopo cha kuchomea donge, chenye alama nyeusi katikati. Alikuwa amechoma asubuhi ileile, bila wasiwasi, akiwa na mimba yake, kwa sababu watu wenye elimu walimwambia hakuna shida.

Sikumwambia kitu wakati ule. Niliogopa ningelia badala ya kusema.

Mkutano ulikuwa katika darasa la shule ya msingi. Wanawake walijaa kwenye madawati, wanaume walisimama madirishani. Bango lenye maneno yaleyale ya redio lilikuwa limeshabandikwa ubaoni, na jingine ukutani mwa kituo cha afya. Mratibu alizungumza Kifaransa, mimi natafsiri, shukrani kwa wakubwa, shukrani kwa wafadhili, mpaka akafika kwenye matokeo. Akasoma bango kisha akanigeukia, kana kwamba Kiswahili kinahitaji kutafsiriwa Kiswahili. Nadhani alitaka nikubaliane naye mbele za watu.

Nikawaambia kwamba yaliyoandikwa pale si yaliyopatikana. Nikazisema zile sentensi tano, polepole, mara mbili. Nikasema na habari ya wavu wa matundu mapana, na wanaume wa dirishani wakaguna, maana hata mchimba dhahabu amewahi kuvua. Mratibu akanishika mkono akisema kwa sauti ya chini tuendelee. Nikautoa mkono wangu.

Ndipo mama mkwe wa mdogo wangu akasimama. Ni mwanamke mrefu, anaongea taratibu.

"Mama mwalimu, mimi niko na swali moja tu. Ile mimba ya bibi ya mutoto wangu yenye ilitoka. Ni ile moto iliitoa, ao hapana?"

Mdogo wangu alikuwa dawati la tatu. Sikumtazama. Ningeweza kusema hapana, na angeendelea kuitwa mwanangu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema hapana. Na ningekuwa nimefanya kama mratibu, ila kwa mapenzi.

"Mama, hakuna mutu anajua," nikasema. "Hawakuichunguza. Mutu akikuambia ni moto, anakudanganya. Mutu akikuambia si moto, anakudanganya vilevile. Chenye tunajua ni kwamba iko sumu, na inaingia kwa mwili ya ule anachoma. Na ule anachoma, ni nani alimupa ile donge?"

La mwisho sikulipanga. Lilitoka lenyewe, na wanawake wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mama mkwe akakaa. Mratibu akafunga mkutano kwa maombi, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Nje mdogo wangu alinisubiri karibu na pikipiki. Nilidhani atanishika mkono.

"Yaya, dada yangu, ungeliniachia tu," akasema. "Ile neno ya redio, hata kama ilikuwa ya bongo, nililala nayo vizuri."

Nilimwambia kwamba bongo hiyo ni uongo ambao ungemdhuru yeye na mtoto. Akasema anajua, si mtoto mdogo, amesikia yote. Lakini mimi nitarudi Kasongo, na yeye atarudi ndani ya nyumba ile. Alikuwa na haki yote ya kunikasirikia, na mimi nilikuwa na hasira yangu, sikuwa na pa kuiweka. Si yeye aliyenikosea. Kama yule bwana angeiacha sentensi na mkia wake tangu mwanzo, mdogo wangu asingepewa faraja ambayo dada yake mwenyewe alilazimika kuja kuipokonya mbele ya kijiji. Hilo ndilo simsamehe. Uongo ule haukuwa wa watafiti wala wa wanawake. Ulikuwa wa nafasi kwenye bango.

Nililala kwao kwa sababu mvua ilifunga njia. Asubuhi, nikiwa nafunga mzigo wangu, mume akaingia na donge kwenye kipande cha nailoni. Akalinyoosha kwa mdogo wangu kama siku zote. Hakulipokea.

Mume akamwambia kwamba redio ilisema haina kitu.

"Redio ilikata," mdogo wangu akasema. Alisema bila kuinua sauti, macho yake kwenye mbabula. "Walituona na merkiri mingi kwa mwili, ile ni kweli. Kwa kilo ya mutoto, hawakuona tofauti ya wazi, lakini walipima wanamuke wachache, hawawezi sema haiko. Na mimba yenye ilitoka, hawakuiuliza hata. Basi hakuna mutu hapa ataniambia niliiua, na hakuna mutu ataniambia nichome. Peleka inje, mbali na mulango. Choma wewe mwenyewe, upepo ikuwe kwa mugongo."

Sikumfundisha. Aliisikia mara mbili tu, katika darasa lenye kelele, huku moyo wake ukipasuka, na hakuacha hata "lakini" moja.

Mume akabaki amesimama na donge lake. Akamtazama mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni, akingoja aseme neno. Mama mkwe akavuta kigoda chake pembeni. Mume akabeba mbabula, akapita nao mlangoni kwenda nje.